Majaribio yote yamepita lakini grafu hazilingani: transfa fanksheni kwenda steti spesi

Bint_Maweni

Salaam wanabodi. Niko nyumbani Malindi likizo hii na kazi moja ya kontroli imenikalia kooni. Tumepewa mota inayozungusha pampu ya maji: ingizo ni volti, tokeo ni mtiririko. Swali linataka tuitoe kwenye transfa fanksheni tuiweke katika steti spesi, umbo la kanoni la udhibitikaji, kisha tuonyeshe kwamba tulichoandika ni kile kile tulichopewa. Nimefanya hivi:

```
G(s) = (6s^2 + 36s + 48) / (2s^3 + 12s^2 + 22s + 12)

A = [  0    1    0
       0    0    1
     -12  -22  -12 ]
B = [0; 0; 1]
C = [48  36  6]      D = 0
```

Nikaanza kupima. Matriki ya udhibitikaji renki yake 3. Ya uonekaji renki 3 pia. Thamani ya mwisho ukiingiza ngazi ya volti moja inatoka 4, na kwenye transfa fanksheni 48/12 ni 4. Nikafurahi. Halafu nikachora grafu mbili juu ya karatasi moja, moja kutoka G(s) na nyingine kutoka matriki zangu, na hazipandi pamoja. Kwenye sekunde 0.1 ya G(s) iko 0.30, yangu iko 0.47. Mwishoni zote zinakutana kwenye 4. Kipi kimeharibika ikiwa majaribio yote yamepita?

KijanaWaBarani

Dadangu, kama renki ni kamili pande zote mbili basi matriki zako ziko sawa, hapo usihangaike. Umbo ni lile lile tulilofundishwa: safu ya chini ya A ni namba za chini zikigeuzwa alama, C ni namba za juu kuanzia ile isiyo na s. Tatizo litakuwa kwenye hatua ya muda ya programu yako. Punguza hatua iwe ndogo uone.

Bint_Maweni

Nimepunguza mara kumi. Bado 0.47.

FundiLangoni

Mimi niko Lamu, si msomi wa hayo matriki lakini mota nazijua. Nina jenereta ya nyumba ya wageni upande wa Shela, mzigo ukiingia injini inashuka halafu inapanda juu, inashuka tena, taa zinapumua. Nimebadilisha springi ya gavana na bado. Huyo dada akipata jibu la pampu yake mnisaidie na mimi, naona ni jambo moja.

maalim_wa_matriki

Bint Maweni, hesabu yako ina kosa moja tu, lakini limejificha vizuri kwa sababu majaribio matatu uliyochagua hayawezi kuliona. Nianze na kosa, halafu turudi kwenye majaribio, maana hapo ndipo penye somo lako.

Umbo hili halikuanguka kutoka mbinguni. Linatokana na kuvunja G(s) vipande viwili kwa kutia ishara moja katikati, tuiite z. Volti inaingia kwenye sehemu ya chini na kutoa z, kisha sehemu ya juu inachanganya z na derivativu zake kutoa mtiririko. Ukiandika sehemu ya chini kama mlinganyo wa muda unapata:

```
2z''' + 12z'' + 22z' + 12z = u
y = 6z'' + 36z' + 48z
```

Sasa unachagua hali tatu: x1 ni z, x2 ni z', x3 ni z''. Mistari miwili ya kwanza ya A inajiandika yenyewe, kwa kuwa derivativu ya x1 ni x2 na ya x2 ni x3. Mstari wa tatu ndio unaobeba mfumo wote, nao unataka z''' peke yake upande wa kushoto. Wewe una 2z'''. Ulinakili namba kana kwamba ile 2 haipo. Ukigawa kila kitu kwa 2, juu na chini, inakuwa hivi:

```
A = [ 0    1    0
      0    0    1
     -6  -11   -6 ]
B = [0; 0; 1]
C = [24  18  3]      D = 0
```

Majaribio yako sasa. Thamani ya mwisho kwenye umbo hili ni namba ya mwisho ya juu ikigawanywa kwa namba ya mwisho ya chini. Kwako ni 48/12, na baada ya kugawa ni 24/6. Zote 4. Ile 2 iliyosahaulika haigusi uwiano huo hata kidogo, ndiyo maana grafu zinakutana mwishoni. Inapogusa ni mwanzoni. Mteremko wa grafu pale inapoanza kupanda ni CB, na kwako CB ni 6 wakati G(s) inataka 6/2, yaani 3. Ndiyo hiyo 0.47 dhidi ya 0.30.

Na udhibitikaji je? Katika umbo hili renki ya udhibitikaji ni kamili daima. Andika B, AB, A²B kwa mkono utaona: B ina 1 chini, AB ina 1 katikati, A²B ina 1 juu, na juu ya kila 1 kuna sifuri. Determinanti yake kwa mfumo wa hali tatu ni -1, hata safu ya chini ya A ungeijaza namba za simu. Jaribio ambalo haliwezi kufeli halithibitishi kitu. C haimo kabisa ndani yake, kwa hiyo nusu nzima ya kazi yako haikupimwa.

Piga pia thamani za aigeni za A yako ya kwanza utuambie unaona nini.

Bint_Maweni

Ahsante maalim. A ya kwanza inatoa -9.90 na jozi ya -1.05 ± 0.33j. Sehemu ya chini ya G(s) nimeivunja kwa mkono: 2(s+1)(s+2)(s+3). Kumbe zilitakiwa -1, -2, -3. Hata hazikaribiani.

Nimeweka A na C mpya. Grafu sasa zimelaliana kabisa, huwezi kuona kama ni mbili. Lakini jamani, uonekaji umeshuka! Renki ni 2. Yaani ile ya makosa ilikuwa na renki 3 pande zote, na hii ya sahihi inafeli? Nimerudia mara kadhaa, nikahisi labda sasa nimeharibu C.

KijanaWaBarani

Hapo ndipo niliposema. Ile ya kwanza ilipita majaribio yote. Maalim ni sawa kuhusu ile 2, lakini si lazima ugawe A. Acha A na C zako za mwanzo, weka B iwe nusu. Mteremko wa mwanzo utakuwa 3, na uonekaji utabaki 3.

maalim_wa_matriki

Kijana, umeshika nusu ya jambo. Ni kweli ile 2 inaweza kuingia kwenye B badala ya C. Rudi kwenye mlinganyo wangu: ukigawa upande wa chini peke yake unapata z''' = -6z - 11z' - 6z'' + u/2, na y inabaki 48, 36, 6. Hiyo ni steti spesi halali ya G(s) ile ile, ingawa si umbo la kanoni alilotakiwa kuleta, maana B haina 1. Lakini A lazima igawanywe. Ukiacha -12, -22, -12 na B ya nusu, mteremko wa mwanzo utakuwa 3 kweli, na thamani ya mwisho itashuka kuwa 2. Umehamisha kosa kutoka mwanzo wa grafu kwenda mwisho wake.

Bint Maweni, C yako iko salama. Renki 2 ndilo jibu sahihi, na ulipoivunja sehemu ya chini ulikuwa umebakiza hatua moja kuiona sababu. Vunja na ya juu.

Bint_Maweni

6s² + 36s + 48 = 6(s+2)(s+4).

Ohoo. (s+2) iko juu na chini.

maalim_wa_matriki

Ndiyo. Ziro ya -2 imeikalia poli ya -2. Kwa mwenye kutazama volti na mtiririko tu, mfumo wako ni 3(s+4)/((s+1)(s+3)), hali mbili. Wewe umeujenga kwa hali tatu kwa sababu swali liliandikwa kwa s³. Hali ya ziada ipo ndani ya matriki, inadhibitika na volti, lakini haifiki kwenye tokeo. Umbo la kanoni la udhibitikaji linahakikisha udhibitikaji kwa maumbile yake, kwa hiyo kila palipofutana juu na chini, hasara inaangukia upande wa uonekaji. Haina pengine pa kuangukia.

Na ile ya makosa ilipata renki 3 kwa sababu kosa lilisogeza poli. Ziro zilibaki -2 na -4, poli zikaenda -9.90 na -1.05 ± 0.33j, kwa hiyo hakuna kilichofutana.

Kuna jambo zuri katika umbo hili ambalo walimu wengi hawalitaji. Matriki ya uonekaji, ile ya C, CA, CA², ni sehemu ya juu yenyewe ukiweka A mahali pa s. Kwako ni 3A² + 18A + 24I. Fanya kwa mkono:

```
O = [ 24   18    3
     -18   -9    0
       0  -18   -9 ]
```

Kwa hiyo determinanti yake ni zao la sehemu ya juu ikipimwa kwenye kila poli: kwenye -1, kwenye -2, kwenye -3. Ikiwa poli moja tu ni ziro pia, zao lote ni sifuri. Huhitaji kuamini kompyuta.

Bint_Maweni

Nimepima: kwenye -1 ni 9, kwenye -2 ni 0, kwenye -3 ni -3. Zao sifuri. Sawa kabisa.

Sasa "kuthibitisha" niandike nini? Maana majaribio yangu matatu yameniangusha.

maalim_wa_matriki

Njia ya moja kwa moja ni kukokotoa C(sI - A)⁻¹B + D kwa herufi na kuona kama G(s) inarudi. Kwa hali tatu inawezekana kwa mkono, na kwenye umbo hili ni nyepesi kwa sababu unahitaji safu wima ya mwisho tu ya ile inverso: ni 1, s, s² juu ya polinomia ya A. Zidisha na C umemaliza.

Mimi napenda njia nyingine, kwa sababu inakamata kosa bila kukupa kazi ya kugawanya polinomia zenye herufi. Gawa sehemu ya juu kwa ya chini kwa mgawanyo mrefu, ukienda upande wa 1/s, 1/s², 1/s³. Tumia namba za swali kama zilivyo, usizigawe kwa 2 kwanza, ili kosa lako la kugawa lisijirudie kwenye kipimo. Ya kwanza ni 6/2 = 3. Ya pili ni (36 - 12×3)/2 = 0. Ya tatu ni (48 - 22×3 - 12×0)/2 = -9. Kisha hakuna tena namba za juu, unaendelea na za chini peke yake: 36, -117, 360.

Upande wa matriki, namba hizo hizo zinatakiwa zitoke kwenye CB, CAB, CA²B na kuendelea:

```python
import numpy as np
A = np.array([[0,1,0],[0,0,1],[-6,-11,-6]])
B = np.array([[0],[0],[1]])
C = np.array([[24,18,3]])

P = np.linalg.matrix_power
print([(C @ P(A,k) @ B).item() for k in range(6)])
O = np.vstack([C, C @ A, C @ A @ A])
print(np.linalg.matrix_rank(O))
```

Kwa nini sita? Mfumo wako na mfumo wowote mwingine wa hali tatu vikikubaliana namba sita za mwanzo, basi vinakubaliana zote zinazofuata. Tatu hazitoshi. Ni ile ile hoja ya kupima G(s) kwenye s kadhaa: ungepima s = 1 peke yake ungepata 1.875 kwa sahihi na 1.915 kwa ya makosa, na mtu mwenye haraka angesema ni ukokotoaji wa desimali. Kwenye s = 10 ni 0.294 dhidi ya 0.414, hapo hata kipofu anaona. Kosa hili linalala kwenye s ndogo na kuamka kwenye s kubwa.

Bint_Maweni

Imetoka `[3, 0, -9, 36, -117, 360]` na chini yake 2. Nimeweka na matriki za zamani kwa udadisi: 6, -36, 348... zinaruka ovyo tangu ya kwanza.

KijanaWaBarani

Haya, hapo nimekubali. Lakini nina swali. Mimi nimeitia ile G(s) kwenye `scipy.signal.tf2ss` na imeniletea A yenye -6 -11 -6 juu, si chini, na C ni 3 18 24. Na B ina 1 juu. Hiyo nayo ni kanoni au scipy imekosea?

maalim_wa_matriki

Haijakosea. Inahesabu hali kutoka upande wa pili: x1 ni z'', x3 ni z. Tokeo ni lile lile, namba sita ni zile zile. Inagawa kwa 2 yenyewe pia, ndiyo maana hukuona kosa la mwenzako. Hatari ni kuchukua A kutoka kitabu na C kutoka scipy. Hapo unapata mfumo wenye poli sahihi kabisa na ziro za kubuni, na thamani za aigeni hazitakuonya.

Boti_ya_Matondoni

Nimefuata uzi huu kimya kimya, naomba niingize changu kidogo. Natengeneza usukani wa kujiendesha kwa boti ndogo, kidhibiti changu ni 10(s+2)/(s+20), nakitia kwenye bodi ndogo kama steti spesi. Juu na chini zote ni s ya daraja moja. Niliweka A = -20, B = 1, C = 20, D = 10, kwa kufuata kanuni ya kunakili namba za juu. Nikiwasha tu, mkono wa usukani unakwenda mpaka mwisho wa kizuizi na kukaa huko. Waya nimekagua, sensa ya dira iko sawa.

maalim_wa_matriki

Waya zako ziko salama. Daraja la juu likilingana na la chini, lazima kwanza utoe D, kisha unakili kilichobaki. Ukitoa 10 kwenye 10(s+2)/(s+20) kinabaki 10(s+2) - 10(s+20), ambacho ni -180. Kwa hiyo C ni -180, si 20.

Pima kwenye thamani ya mwisho: kidhibiti chako kinatakiwa kutoa 10×2/20, yaani 1. Matriki zako zinatoa 20/20 + 10 = 11. Kosa dogo la mwelekeo linazidishwa mara kumi na moja na kubaki hivyo, lazima usukani ujae. Kwa C ya -180 ni -180/20 + 10 = 1. Kwako wewe kipimo cha thamani ya mwisho kinakamata kosa mara moja, wakati kwa Bint Maweni kilimpita. Mteremko wa mwanzo hapa haukusaidii sana kwa sababu D inaruka papo hapo.

Boti_ya_Matondoni

Minus! Sikuwahi kufikiri C inaweza kuwa hasi wakati namba zote za kidhibiti ni chanya. Naenda kubadilisha maji yakijaa, sasa hivi boti imekaa juu ya mchanga.

FundiLangoni

Na jenereta yangu?

maalim_wa_matriki

Fundi, samahani, nimekuona. Yako si ya kugeuza umbo, ni ya kuyumba kwa gavana, na springi peke yake mara nyingi haimalizi. Angalia kwanza kama vijiti vya gavana vinacheza kwenye viungo na kama mafuta yanafika bila hewa. Fungua uzi wako, uandike injini ni ya aina gani na inachukua sekunde ngapi kati ya kupanda na kupanda. Ukija na muda huo tutasema kitu.

mwana_Ngomeni

Maalim, mimi nina mashaka na hili la kufutana. Nafanya kazi na pampu zinazovuta maji ya bahari kwenye mabwawa ya chumvi huku kwetu. Namba za chuo zina (s+2) safi juu na chini. Namba za kwetu zinatoka kwenye vipimo. Juzi nimepata ziro kwenye -2.05 na poli kwenye -2. Kompyuta inaniambia renki 3, uonekaji kamili. Sasa mfumo unaonekana au hauonekani?

maalim_wa_matriki

Chukua mfano wa Bint Maweni, sogeza ziro kutoka -2 hadi -2.05, poli uziache. C inakuwa 24.6, 18.15, 3. Zao la sehemu ya juu kwenye poli tatu ni 9.45 × 0.3 × -2.85, karibu -8.08. Si sifuri, kwa hiyo `matrix_rank` inasema 3 na haidanganyi. Lakini renki ni ndiyo au hapana, na swali lako ni la kiasi. Tazama `np.linalg.svd` ya O uone ile thamani ndogo kuliko zote inavyoachwa nyuma na nyingine mbili. Ukijenga kifaa cha kukadiria hali kutokana na tokeo, ule upande wa -2 utaukadiria kutokana na ishara nyembamba iliyozama kwenye kelele ya sensa. Kwenye karatasi unaonekana, kwenye bwawa huuoni.

mwana_Ngomeni

Basi mimi naufuta tu na kubaki na hali mbili. Kwa nini nibebe mzigo nisioweza kuuona?

maalim_wa_matriki

Kwa poli ya -2 unaweza, inakufa yenyewe. Kwa poli ya +2 usithubutu. Kalman alilionyesha hili mwaka 1963: transfa fanksheni inabeba tu ile sehemu ya mfumo inayodhibitika na kuonekana kwa pamoja. Yaliyobaki yapo kwenye mashine hata kama hayapo kwenye karatasi. Ukifuta (s-2) juu na chini, grafu ya tokeo itakuwa tulivu na ndani kitu kinakua mpaka kitu kingine kivunjike.

Bint Maweni, ukitaka kuiona hali iliyofichika kwa macho, anzisha mfumo wako na hali ya mwanzo [1, -2, 4], volti sifuri. Huo ndio upande wa poli ya -2.

Bint_Maweni

Nimejaribu. Tokeo ni mstari wa sifuri, programu inaandika vitu kama 1e-16. Lakini x1 ilianza 1, na sekunde ya kwanza ni 0.135. Zote tatu zinashuka pamoja na kwenye y hakuna hata mtikisiko. Nikizidisha kwa mkono, 24 - 36 + 12, sifuri kweli.

Sasa niwasilishe ipi? Hali tatu au mbili? Ya mbili nimeiandika pia: safu ya chini -3 -4, C ni 12 3. Namba sita zinatoka zile zile.

mwana_Ngomeni

Mbili. Ndogo zaidi inayotoa tokeo lile lile, hiyo ndiyo kazi ya mhandisi.

maalim_wa_matriki

Mimi ningewasilisha tatu. Swali lilisema umbo la kanoni la G(s) iliyotolewa, na iliyotolewa ina s³. Ningeandika chini yake kwamba udhibitikaji ni 3 kwa maumbile ya umbo, uonekaji ni 2 kwa sababu ya (s+2), na kuambatisha ile ya hali mbili. Anayefuta bila kusema ameficha habari. Lakini mwana Ngomeni ana hoja yake kama hizo namba zingekuwa za mashine halisi, na hapo inategemea ile (s+2) ya juu na ile ya chini zilitoka wapi. Mwalimu wako hajasema.

KijanaWaBarani

Kuna walimu wanaokata alama ukileta zaidi ya walichouliza. Muulize kabla hujawasilisha.

Bint_Maweni

Nimemwandikia, hajajibu bado. Kwa sasa nimeweka tatu mbele na mbili nyuma ya karatasi.

Boti_ya_Matondoni

Maji yamejaa, nimeweka -180. Usukani haukwami tena mwanzoni. Sasa unatetemeka kidogo kidogo nikiwa nimesimama, boti haiendi popote. Hiyo ni D ya 10 inakuza kelele ya dira, au ni hesabu tena?

maalim_wa_matriki

Inawezekana sana ni D. Chochote cha haraka kinachotoka kwenye dira kinapita moja kwa moja kikiwa mara kumi. Rekodi dira peke yake dakika moja boti ikiwa imefungwa, injini imezimwa, kisha rekodi tena injini ikinguruma. Leta namba zote mbili.